Somo: Mvua chini ya kisomo, bila kumeza miisho ya aya

Ndugu zangu, hivi karibuni nilirudishiwa kazi. Ilikuwa kisomo cha Surat Ar-Rahman, na sauti ya mvua nyepesi chini yake. Kwenye hedfoni zangu ilitulia vizuri kabisa. Aliyeniagiza akaisikiliza kwa spika ya simu, akaniuliza, "Mbona msomaji anakata maneno?"

Hakukata hata neno moja. Sura ile ina aya 78, na 31 kati ya hizo ni aya moja inayorudiwa, "Fabiayyi aalaai Rabbikumaa tukadhibaan". Kila inapokuja, sauti inashuka taratibu kwenye "aan", kisha inazimikia kwenye nuni. Nuni ni sauti ya puani na nguvu yake nyingi iko chini, takriban hezi 200 hadi 300, mahali ambapo spika ndogo ya simu karibu haitoi kitu. Mvua ni kinyume chake. Mchirizo wake umesambaa hadi juu, na simu inautoa bila shida. Kwa hiyo simu ilipunguza sauti ya msomaji na kuiachia mvua nafasi.

Ndiyo maana hapa sipimi mvua kwa wastani wa kisomo. Naipima kwa sehemu yake dhaifu kuliko zote, tena baada ya kuipitisha kwenye "simu ya bandia". Natumia Audacity, ambayo ni ya bure.

Hatua ya 1: Nyoosha sauti ya msomaji peke yake. Zima mvua kwanza. Kwenye kisomo weka `High-Pass Filter` ya hezi 80 kuondoa ngurumo za chumba na mtikisiko wa stendi ya maikrofoni. Kisha tafuta miisho inayozama. Ichukue `Envelope Tool` uinue kila mwisho kwa desibeli 4 au 5, ukianza mteremko pale irabu ndefu inapoanza, si kwenye nuni yenyewe. Ukianzia kwenye nuni utasikia kama mtu amesogeza maikrofoni ghafla. Ni kazi ya mkono, na kwa aya 31 inachosha. Lakini kompresa kali inayofanya kazi hiyo kwa mpigo mmoja huinua pia pumzi na mwangwi wa chumba, na madda zote zinakuwa bapa. Ukitaka kompresa, iwe ya uwiano wa 2:1 na isishushe zaidi ya desibeli 3.

Ukimaliza, fanya `Mix and Render` ili mabadiliko yaingie kwenye mawimbi yenyewe, ndipo kipimo kisome kile kitakachosikika.

Hatua ya 2: Pima tofauti. Nenda `Analyze`, kisha `Contrast`. Chagua sekunde moja ya mwisho dhaifu wa aya, uipime kama `Foreground`. Chagua mvua peke yake, sekunde kumi hivi, uipime kama `Background`. Programu itakupa tofauti kwa desibeli. Kipimo hiki kimejengwa juu ya WCAG, mwongozo wa kufanya kurasa za mtandao zitumike na watu wenye ulemavu, unaotaka sauti ya nyuma iwe chini ya maneno kwa angalau desibeli 20. Hapo ndipo ninapolenga.

Hesabu zangu zilikuwa hivi. Wastani wa kisomo ulikuwa -20, mvua -40. Tofauti ni 20, nikajiona fundi. Lakini neno "tukadhibaan" lilikuwa linaishia kwenye -29, maana yake tofauti ya kweli pale ilikuwa 11 tu. Niliinua mwisho kwa desibeli 5 ukafika -24, nikashusha mvua hadi -44. Sasa ni 20 mahali inapohitajika.

Hatua ya 3: Simu ya bandia. Tengeneza nakala ya kila mkondo. Zigeuze ziwe mono kwa `Mix Stereo Down to Mono`, kisha uzipitishe kwenye `High-Pass Filter` ya hezi 400, mteremko wa desibeli 24. Pima tena kwa `Contrast`. Kwangu mwisho wa aya ulianguka hadi -31, na mvua ikaanguka kidogo tu, -46. Tofauti ilikuwa imebaki 15.

Kushusha mvua yote tena si jibu zuri, maana mwenye hedfoni hataisikia kabisa. Rudi kwenye mvua ya asili, ufungue `Filter Curve EQ` na uchimbe bonde pana kati ya hezi 1000 na 4000, lenye kina cha desibeli 6. Ndipo konsonanti zinapokaa. Bonde liwe laini, lisiwe shimo. Ukichimba jembamba mvua inaanza kusikika kama bomba linalovuja. Rudia nakala ya simu. Mvua yangu ilisoma -50, nikaishusha moja zaidi, nikapata 20.

Jambo la kuangalia: kama mvua ya stereo inakuwa nyembamba au inatoweka ukiifanya mono, pande zake mbili zinafutana. Chukua upande mmoja tu.

Hatua ya 4: Ukubwa wa jumla. Futa nakala, unganisha mikondo ya kweli, kisha `Loudness Normalization` hadi -16 LUFS. Faili likiwa mono, weka tiki kwenye `Treat mono as dual-mono`. Vilele vikivuka -1, vizuie kwa `Limiter`. Usiogope kwamba vituo virefu vitaharibu hesabu. Kipimo cha LUFS huruka sehemu zilizo kimya sana.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini usitumie `Auto Duck` ikashusha mvua yenyewe?*

Kwa mahubiri naitumia. Kwa kisomo hapana. Msomaji akisimama kuvuta pumzi, mvua inapanda, akianza, inashuka. Baada ya aya tano msikilizaji anasikia mvua inapumua badala ya kusikia aya. Ukilazimika, ongeza `Maximum pause` izidi kituo kirefu kuliko vyote.

*Mimi nahariri kwa simu, sina hicho kipimo. Nifanyeje?*

Cheza kwa spika ya simu, sauti nusu, simu ikiwa umbali wa mkono. Lakini usijipime mwenyewe. Aliyehifadhi hujaza maneno kichwani na ataapa kwamba amesikia kila herufi. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyodanganyika. Mpe mtu asiyeijua sehemu hiyo akuandikie anachosikia. Kwenye Ar-Rahman mtege kwa miisho ya "aam" kama "wal-ikraam": akiandika nuni badala ya mimu, mvua bado iko juu.

*Bwana mkubwa, sisi tunarekodi Zaburi na msomaji ni dada. Hesabu ni zile zile?*

Lengo ni lile lile, 20, ila tatizo linahama. Sauti ya dada iko juu zaidi, hivyo simu haiinyang'anyi sana. Kinachogongana na mvua ni "s", "sh" na "f". Kwa hiyo pima `Foreground` kwenye neno dhaifu lenye herufi hizo, na bonde la EQ lisogezwe juu, hezi 3000 hadi 7000. Kama bado zinagombana, badilisha mvua kwa mawimbi ya mbali. Mngurumo wake uko chini, na kwenye simu utapotea wenyewe.