Kabla ya kukaa mezani kuhesabu karata za blakijaki

Anza nyumbani, na pakiti moja ya karata 52. Fungua moja moja: 2 hadi 6 ongeza moja, 7 hadi 9 acha kama ilivyo, 10, karata za picha na ree toa moja. Zikitoka 5, K, 3, 6, 9, 2, Q, 4, kichwani unasema: moja, sifuri, moja, mbili, mbili, tatu, mbili, tatu. Hiyo ndiyo hesabu endelevu. Huhitaji kukumbuka karata yoyote, unabeba namba moja tu. Pakiti ikiisha lazima urudi sifuri. Usiporudi, umekosea mahali, na mezani hakuna atakayekuambia.

Namba ikipanda, maana yake ndogo zimetoka na kubwa zimebaki. Zikibaki kubwa nyingi, mtu hupata ree na kumi pamoja, yaani blakijaki, mara nyingi zaidi. Mgawaji naye hupata vilevile, ila yeye halipwi ziada, wewe unalipwa moja na nusu ya dau. Tena mgawaji mwenye 12 hadi 16 analazimika kuchukua karata nyingine, na hapo huvuka 21 kwa urahisi; wewe una hiari ya kubaki.

Kwa hiyo soma kwanza maandishi ya mezani. Kama blakijaki inalipwa 6:5 badala ya 3:2, inuka. Tofauti hiyo peke yake humpa mwenye kasino karibu asilimia 1.4 zaidi, na kuhesabu kwako hakutaifidia.

Sasa hapa ndipo wengi huteleza. Tuseme kasha lina pakiti sita, mbili zimeshatoka, na hesabu yako ni +8. Usishangilie. Gawa kwa pakiti nne zilizobaki: unapata +2. Kila nukta moja ya namba hii iliyogawanywa huongeza takriban nusu asilimia upande wako, lakini ulianza ukiwa nyuma kwa nusu asilimia hata ukicheza bila kosa. Nukta ya kwanza inalipa deni hilo, ya pili ndiyo faida. Nusu asilimia, basi! +8 ileile zikiwa zimebaki pakiti mbili ingekuwa +4, yaani kama asilimia moja na nusu.

Pima fedha zako kwa kipimo hicho. Dau la 100 kwenye +2 linatarajiwa kukuletea 0.5 tu, huku mkono mmoja ukiyumba kwa takriban 115 juu au chini. Mikono 100 ya namna hiyo: faida inayotarajiwa ni 50, mtikisiko ni kama 1,150. Unaweza kuhesabu vizuri usiku kucha na kuondoka mtupu. Na hiyo ni mikono mizuri tu. Mingi ya kasha zima utaicheza kwa sifuri au chini yake, kwa dau dogo, ukilipia kiti.