Anza na cheti cha polisi, umalizie na cha daktari

Kwa anayeomba mafunzo ya kazini serikalini au benki hapa Kenya, cheti cha tabia njema kutoka DCI ndicho kinachochelewa zaidi, kwa hiyo kiombe kwanza kupitia eCitizen. Baada ya kulipa, chapisha fomu ya C24 pande zote mbili za karatasi moja, kwa sababu ukifika Huduma Centre na karatasi mbili zilizobanwa pamoja huenda ukarudishwa kabla hata ya kuchukuliwa alama za vidole. Nenda na kitambulisho chako halisi.

Unaposubiri, peleka nakala za vyeti vya masomo kwa wakili mwenye mamlaka ya kuapisha, pamoja na vyeti halisi, kwani hawezi kugonga muhuri kwenye nakala ya cheti ambacho hajakiona. Kagua kila ukurasa una muhuri unaosomeka, sahihi na tarehe. Ikiwa cheti cha shule kina majina mawili na kitambulisho matatu, mwombe siku hiyo hiyo akuandalie hati ya kiapo.

Uchunguzi wa afya uache mwisho, maana waajiri wengi hutaka ripoti ya karibuni.