SOMO: Kupima presha ya mji mdogo kwenye EPANET bila kuhesabu kilele mara mbili

Swali la "kwa nini presha yangu inakuwa ndogo hivi asubuhi" nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika hapa mara moja.

1. Kabla ya kuchora chochote, weka `Flow Units` iwe LPS na `Headloss Formula` iwe H-W. Ukibadili baadaye, tarakimu ulizokwisha kuingiza hazibadiliki.

2. Chora tangi, nodi na mabomba. Jaza mwinuko wa kila nodi, na kipenyo cha ndani cha bomba, si cha nje.

3. Gawa matumizi kwenye nodi. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma taratibu.

Chukua mji wa watu 6,000, kila mmoja lita 60 kwa siku. Ongeza asilimia 20 ya maji yanayovuja. Unapata lita 432,000 kwa siku, sawasawa na lita 5 kwa sekunde. Huo ni wastani, na wastani ndio unaoingia kwenye `Base Demand`. Kupanda na kushuka kwa siku ni kazi ya mwenendo, yaani `Pattern`:

```
[PATTERNS]
 MATUMIZI  0.2 0.2 0.6 2.0 1.6 1.1
 MATUMIZI  1.0 0.9 1.3 1.7 1.0 0.4

[TIMES]
 Duration          24:00
 Pattern Timestep  2:00
```

Jumla ya hizo namba 12 ni 12, yaani wastani wake ni 1. Lazima iwe hivyo. Mimi nilikuwa nimeshazidisha kwa 2 kwenye karatasi, nikaingiza lita 10, halafu mwenendo ukazidisha tena kwa 2. Bomba kuu lina mita 1,800, kipenyo milimita 150, C ya 140. Kwa lita 10 linapoteza mita 4.1 tu, kwa lita 20 linapoteza karibu mita 15, kwa sababu upotevu haupandi sawa na mtiririko, unapanda kwa kipeo cha 1.852. Nodi ya mwisho wa bomba hilo iko mita 20 chini ya uso wa maji ya tangi. Presha halisi ya kilele ni karibu mita 16, mimi nikasoma 5. Tulitaka angalau 10, nikaandika kwamba bomba libadilishwe. Fundi mmoja mzee ndiye aliyejumlisha maji yaliyotoka tangini kwa siku: mita za ujazo 864, wakati hesabu ya mji ilisema 432. Fanya jumla hiyo kila mara kabla ya kuamini presha yoyote.

4. Kwenye `Hydraulics` andika MATUMIZI mahali pa `Default Pattern`, ili nodi zisizo na mwenendo wake ziufuate huo.

5. Endesha, kisha fungua grafu ya presha ya nodi ya mbali na ya nodi iliyo juu kabisa. Angalia na usiku pia: matumizi yakishuka presha hupanda, na hiyo ndiyo inayopima uimara wa mabomba ya bondeni.

Maswali

Swali: Mkuu, presha yangu haibadiliki, mstari umenyooka siku nzima. Msaada.
Jibu: Una `Duration` ya 0, au hujafanya hatua ya 4. Yote mawili yako hapo juu.

Swali: Kilele changu kinatokea saa 6:00. Watu gani wanachota maji saa sita?
Jibu: Hizo ni saa tangu hesabu ianze. Ukianza saa sita usiku, 6:00 ni saa kumi na mbili asubuhi.

Swali: Sisi siku zote tunaweka kilele kwenye `Base Demand` na hatujawahi kukosea.
Jibu: Ni sawa kama unapima saa moja ya kilele peke yake, bila mwenendo. Ukiweka vyote viwili umekosea, hata kama hakuna aliyekuambia.

Swali: Nodi yangu ya mlimani inaonyesha −4. Je, ina maana bomba linavuta hewa?
Jibu: Swali zuri, ndugu yangu. Kwa kawaida EPANET huipa nodi maji yote iliyoomba hata kama presha haitoshi, kisha hesabu hulipia deni hilo kwa presha hasi. Kwa hiyo −4 inakuambia kwamba maji hayo hayatafika. Haikuambii ni kiasi gani kitafika. Ukiwa na toleo la 2.2, badili `Demand Model` iwe PDA, weka `Required Pressure` ya mradi wako na `Pressure Exponent` ya 0.5. Hapo utaona nodi ikipata pungufu, na majirani zake wakipata presha iliyo karibu zaidi na ukweli.

Mchango: Naongezea: endesheni saa 72 badala ya 24. Mwenendo hujirudia wenyewe. Kama kina cha tangi kinashuka kila alfajiri kuliko ya jana, pampu haijazi kinachotoka, na presha ya siku ya kwanza inawadanganya.
Jibu: Kweli kabisa. Angalieni na `Initial Level`. Wengi huanza tangi likiwa limejaa pomoni.

Swali: Nitumie faili lako nibadilishe majina tu?
Jibu: Hapana. Mwinuko wa mji wangu haukufai.