Somo: Dakika kumi za mwisho za insha ya Historia, KCSE

Nimeulizwa mara nyingi mno muhula huu mtahiniwa afanye nini katika dakika hizo za mwisho, kwa hivyo naliandika jibu hapa mara moja. Mfano wetu ni huu: "Eleza sababu sita zilizofanya upinzani wa Wanandi dhidi ya Waingereza udumu kwa muda mrefu. (alama 12)"

1. Hakikisha kila jibu lina namba yake.

2. Soma tena swali, si jibu. Hapa unaulizwa kwa nini upinzani ulidumu, si kwa nini ulianza. Hofu ya kupokonywa ardhi iliwafanya waanze kupigana, lakini hapa haikupi alama.

3. Hesabu hoja. Sita kwa alama 12 ni mbili mbili, na hoja iliyotajwa bila maelezo hupoteza moja. Umeandika "nchi yao ilikuwa na milima na misitu"? Ongeza: "hivyo askari wa Waingereza walisonga polepole, nao Wanandi wakawavizia." Ukiwa na "jeshi imara" na "askari hodari", hiyo ni hoja moja, una tano tu. Ya sita inaweza kuwa umoja chini ya Orkoiyot, kiongozi wao wa kiroho.

4. Kukata. Hapa ndipo nilipoharibikiwa nikiwa kidato cha nne. Zikiwa zimebaki dakika sita niliona aya dhaifu, nikaikata yote kwa mistari miwili, nikaanza kuiandika upya. Msimamizi akasema kalamu chini nikiwa katikati ya sentensi ya kwanza. Aya ile dhaifu ingenipa angalau alama moja, nami nilikuwa nimeshaifuta mwenyewe. Andika mpya kwanza, hadi nukta ya mwisho, ndipo ukate ya zamani. Zikibaki dakika tatu, usikate chochote, ongeza tu.

MASWALI

Wa Kayole: Kwa hivyo nikate hoja mbovu halafu niandike nyingine?

Jibu: Hapana. Rudia hatua ya 4.

Wa Umoja: Mwalimu, na kama swali zima limebaki?

Jibu: Hapo huna muda wa kukagua. Maliza kwanza sehemu ya (a), kwa kuwa inahitaji kutaja tu, kisha andika hoja za (b) kadiri utakavyoweza.

Wa Dandora: Mwalimu, naweza kutumia kifo cha Koitalel arap Samoei, yule Orkoiyot? Naona ni sababu ya kushindwa.

Jibu: Umeona vizuri, dada. Kikisimama peke yake kinajibu swali jingine. Kifanye ushahidi wa umoja: alipouawa Oktoba 1905, katika mkutano alioitiwa kwa jina la amani, upinzani ulivunjika, jambo linaloonyesha jinsi alivyokuwa nguzo yao. Sentensi hiyo moja inakamilisha hoja yako ya sita.

Wa Kibra: Mimi huacha mistari minne baada ya kila insha, nyongeza zipate pa kukaa.

Jibu: Fanyeni hivyo. Ukikosa nafasi, andika ukurasa wa mwisho ukitaja namba ya swali, na kwenye jibu la awali uonyeshe linaendelea wapi.