Bei ya msawazo kutoka kwa jedwali lililopigwa picha: mfano wa viazi vya Molo

Wanafunzi wangu hapa Nakuru hunitumia picha za ubaoni kwa simu. Mwanga umemulika pembe moja, vichwa vya safu vimekatwa, na swali ni lile lile: bei ya msawazo ni ngapi, na magunia mangapi yatauzwa? Bei ya msawazo ni ile ambayo magunia yanayotakiwa yanalingana na yanayoletwa. Hesabu yenyewe si ndefu. Kinachowapotezea alama nyingi ni tarakimu moja iliyosomwa vibaya kabla hata hesabu haijaanza, kwa hivyo nitakaa hapo zaidi.

Jedwali hili ni la zoezi, si bei za soko la leo. Ni viazi vya Shangi kutoka Molo, vikiuzwa kwa jumla mjini Nakuru, magunia kwa siku.

| Bei (shilingi kwa gunia) | Yanayotakiwa na wanunuzi | Yanayoletwa na wauzaji |
|---|---|---|
| 1500 | 350 | 165 |
| 1800 | 370 | 210 |
| 2100 | 290 | 255 |
| 2400 | 260 | 300 |
| 2700 | 230 | 345 |
| 3000 | 200 | 390 |

Hatua ya 1: Nakili jedwali, kisha ulihoji

Liandike upya kwenye karatasi. Usikokotoe ukiangalia skrini. Andika vipimo juu ya kila safu. Hapa gunia ni la kilo 50. Kama safu moja inahesabu magunia ya kilo 50 na nyingine inahesabu lumbesa, jedwali halina msawazo wa maana hadi yote yageuzwe kuwa kilo.

Ikiwa vichwa vya safu havionekani, tazama mwelekeo. Bei ikipanda, wanunuzi hupunguza na wauzaji huongeza. Safu inayoshuka ni ya mahitaji, inayopanda ni ya ugavi.

Sasa toa kila namba kutoka kwa ile inayoifuata. Upande wa wauzaji unapata 45, 45, 45, 45, 45. Upande wa wanunuzi unapata +20, −80, −30, −30, −30. Tofauti mbili za kwanza zimeharibika, na zote mbili zinagusa namba moja, 370. Ukizijumlisha, +20 na −80 ni −60, yaani −30 mara mbili. Kwa hivyo 350 na 290 ziko sawa na kosa liko katikati yao: panafaa kuwa 320. Ikuze picha uangalie tena. Mara nyingi utakuta ni 2 yenye mkia mfupi iliyofanana na 7.

Usirekebishe kabla ya kurudi kwenye picha. Ikiwa picha inaonyesha 370 waziwazi, muulize aliyeandika swali. Na kama tofauti zinabadilika kidogo kidogo katika safu nzima, hilo si kosa la kusoma. Ni mkunjo wa kweli, na hatua ya 2 hapa chini haitakufaa ilivyo.

Hatua ya 2: Pata milinganyo miwili

Bei inapanda kwa 300 kila mstari. Wanunuzi wanapunguza magunia 30, yaani 0.1 kwa kila shilingi. Wauzaji wanaongeza 45, yaani 0.15 kwa kila shilingi. Kumbuka kugawanya kwa 300. Wengi huandika 30 na 45 moja kwa moja, halafu wanashangaa jibu likitoka si sahihi.

Sasa tafuta namba isiyobadilika kwa kutumia mstari wowote. Kwa bei ya 1500, 0.1 × 1500 ni 150, na wanunuzi wanataka 350, kwa hivyo tunaanzia 500. Kwa wauzaji, 0.15 × 1500 ni 225, lakini wanaleta 165 tu, kwa hivyo tunapunguza 60. Tukiita bei P, kiasi kinachotakiwa Qd na kinacholetwa Qs, tunapata:

```
Qd = 500 - 0.1P
Qs = -60 + 0.15P
```

Ile −60 isikutishe. Hakuna anayeleta magunia hasi. Inamaanisha tu kwamba kwa kufuata mstari huu, chini ya shilingi 400 hakuna mkulima anayeleta kitu.

Kabla ya kuendelea, jaribu mstari ambao hukuutumia. Kwa 3000: 500 − 300 = 200, na −60 + 450 = 390. Vyote vinalingana na jedwali.

Hatua ya 3: Linganisha na ukokotoe

```
500 - 0.1P = -60 + 0.15P
560 = 0.25P
P = 2240
```

Weka 2240 katika milinganyo yote miwili, si mmoja tu: 500 − 224 = 276, na −60 + 336 = 276. Bei ya msawazo ni shilingi 2240, na kiasi ni magunia 276.

Jibu halimo ndani ya jedwali, na halilazimiki kuwemo. Kwa 2100 yanatakiwa 290 na yanaletwa 255, upungufu wa 35. Kwa 2400 yanaletwa 300 na yanatakiwa 260, ziada ya 40. Upungufu umegeuka kuwa ziada mahali fulani kati ya bei hizo mbili, kwa hivyo jibu lolote nje ya 2100 hadi 2400 ni kosa. Hata jedwali lenye mkunjo hukupa mipaka hii, na ndani yake unaweza kukadiria.

Hatua ya 4: Chora grafu

Bei huwekwa kwenye mhimili wa wima na kiasi kwenye ule wa mlalo, desturi iliyoenezwa na Alfred Marshall. Hapa ndipo milinganyo yetu inapodanganya macho: ile 500 haiwekwi kwenye mhimili wa bei. Mstari wa mahitaji ukirefushwa hukata mhimili wa bei kwenye 5000, na ule wa ugavi huukata kwenye 400.

Tumia sentimita 1 kwa shilingi 200 upande wa bei, na sentimita 1 kwa magunia 25 upande wa kiasi. Weka nukta zote sita za kila upande kabla ya kushika rula. Kama ungeacha 370, nukta yake ingekaa sentimita 2 kulia kwa mstari, na ungeiona papo hapo.

Mistari inapokatana, teremsha mistari ya vitone hadi kwenye mihimili. Kwenye karatasi yenye miraba ya milimita 2, mraba mmoja ni shilingi 40, kwa hivyo 2240 inaangukia juu ya mstari kamili. Kiasi utakisoma kama 275 hivi, kwa sababu mraba mmoja hapo ni magunia 5. Tofauti hiyo ya gunia 1 ni ya karatasi, andika 276. Ukisoma 290, rudia nukta zako.

Swali likiongeza mabadiliko

Tuseme mavuno ya Molo yamekuwa mazuri na wauzaji wanaleta magunia 25 zaidi kwa kila bei. Mahitaji hayaguswi. Mlinganyo wa ugavi unakuwa −35 + 0.15P, na mstari wake kwenye grafu unasogea sentimita 1 kulia.

```
500 - 0.1P = -35 + 0.15P
P = 2140, Q = 286
```

Kiasi kimeongezeka kwa 10 tu, si 25. Kwa bei ya zamani kungekuwa na ziada ya magunia 25. Bei ilipoteremka kwa shilingi 100, wanunuzi waliongeza magunia 10 na wauzaji wakazuia 15 yasije sokoni.