Kuomba ufadhili wa DAAD: barua pepe kwa chuo na insha ya maombi

DAAD ni shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wanataaluma, na EPOS ni ufadhili wake wa kozi za uzamili zinazohusu maendeleo, kwa wataalamu waliokwisha kufanya kazi angalau miaka 2. Maombi yake hayatumwi DAAD. Yanakwenda kwenye kozi yenyewe, chuoni Ujerumani, na kila kozi ina tarehe yake ya mwisho. Basi wa kuandikiwa ni ofisi ya kozi.

Soma kwanza masharti yote ya kozi, maana swali ambalo jibu lake limeshaandikwa pale linakuharibia. Kama halipo, andika barua pepe kwa Kiingereza. Hapa nimeigeuza kwa Kiswahili ili mpangilio uonekane:

"Mada: Uthibitisho wa Kiingereza, uzamili wa uhandisi wa maji

Waheshimiwa,

Ninaandaa maombi ya kozi hii kupitia EPOS. Shahada yangu ya kwanza niliisoma Tanzania, na masomo yote yalifundishwa kwa Kiingereza. Je, barua ya msajili wa chuo inayothibitisha hilo inakubalika badala ya IELTS?

Wenu,
(jina kama lilivyo kwenye pasipoti)"

Hakuna "natumaini hamjambo" wala historia ya familia. Ni swali moja, linalojibika kwa ndiyo au hapana. Vyeti usiambatanishe, hujaombwa. Jibu likija, litunze.

Sasa insha, ambayo ndiyo inayowatoa watu jasho.

Nianze na utoto wangu? Hapana, anza kazini. Tuseme wewe ni fundi sanifu wa maji mkoani Arusha, ambako visima vingi vina floraidi inayotia meno rangi ya kahawia. Sentensi ya kwanza iwe ya kisima kimoja: mlipima nini, mkaamua nini. Kisha sema ulichofanya wewe, si "tulishiriki". Labda ulisimamia machujio ya mkaa wa mifupa yanayoondoa floraidi, ukaona yanachoka kabla ya muda na hukuwa na ujuzi wa kujua sababu. Pengo hilo ndilo linalobeba insha nzima.

Nieleze umaskini wa kwetu? Sentensi moja, kama inahusu kazi. EPOS inaangalia zaidi utakavyowafaa watu ukirudi.

Aya ya kozi inaandikwaje? Taja somo moja au mawili yaliyomo kwenye mtaala wao na uyafunge kwenye lile pengo la machujio. Kisha badilisha jina la chuo uweke lingine: aya ikibaki sawa, ifute uandike upya. Sifa za "chuo chenu mashuhuri" ndizo hukwama hapa.

Mwisho, sema utarudi kwa mwajiri gani na utaanza na kazi ipi. Hapo linganisha insha na barua ya mwajiri inayokwenda pamoja na maombi. Yeye akiandika kwamba unashughulika na ankara za wateja, nawe umeandika maabara, msomaji ataona. Mpelekee mwajiri rasimu yako kabla hajagonga muhuri.