Meseji moja ya punguzo la wikiendi kwa wateja wa dukani: kuanzia bei hadi hesabu ya Jumatatu

Mwongozo huu ni wa mwenye duka aliye na orodha ya namba za wateja wake na anataka kuwatangazia punguzo la Jumamosi na Jumapili kwa SMS za mkupuo. Mfano tutakaoufuata ni duka la mashuka Mwanza lenye namba 640. Seti moja ya mashuka ya pamba 6x6 (mashuka mawili na foronya mbili) inalifikia duka kwa shilingi 30,000 pamoja na usafiri, na huuzwa 42,000. Wikiendi ya kawaida zinatoka seti 14. Bei ya SMS moja tuiweke shilingi 20. Wewe weka ile unayolipa.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya punguzo kabla ya kuandika chochote

Punguzo lote linatoka kwenye faida, haligusi mtaji. Ukishusha seti kutoka 42,000 hadi 37,000, mteja anaona amepunguziwa kama asilimia 12, lakini faida yako imetoka 12,000 hadi 7,000, yaani imepungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Wikiendi ya kawaida, seti 14 zinaleta faida ya 168,000. Ili kupata kiasi hichohicho kwa faida ya 7,000, lazima uuze seti 24. Ongeza gharama ya meseji, 640 mara 20, ambayo ni 12,800, na hiyo inakula faida ya karibu seti mbili nyingine. Kwa hiyo ukiuza seti 26 umerudi pale ulipokuwa, na ya 27 ndiyo inayoanza kukuingizia. Kama stoo una seti 20 tu, ofa hii itakutia hasara hata zikiisha zote. Chagua bidhaa nyingine, au punguza kidogo zaidi. Duka letu lina seti 40, basi tunaendelea.

Usiandike "punguzo hadi asilimia 30 kwa bidhaa zote". Neno "hadi" ndilo linalozua ugomvi kaunta, maana kila mteja anakuja akidai hiyo 30. Bidhaa moja yenye bei mbili, ya zamani na ya sasa, haihitaji maelezo.

Hatua ya 2: Safisha namba

Chukua namba za watu waliokuachia wenyewe wakijua utawatafuta: walioandika kwenye daftari la wateja, walioagiza mzigo, waliosema "nipigie ukija mpya". Mtu aliyelipa kwa simu mara moja hajakubali kutangaziwa biashara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisitumike kumtangazia bidhaa. Ukitunza alama ya namba ilikotoka (daftari, oda, kadi), siku mtu akiuliza utakuwa na jibu.

Mifumo mingi ya SMS za mkupuo inataka namba ianze na 255 bila alama ya kujumlisha, jumla tarakimu 12. Kama namba ziko Excel safu ya A, andika hivi safu ya B kisha buruta hadi chini:

```
="255"&RIGHT(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2," ",""),"-",""),9)
```

Fomula hii inaondoa nafasi na vistari, inachukua tarakimu tisa za mwisho, halafu inatanguliza 255. Haijali kama namba iliandikwa kwa 07, kwa +255, au kama Excel ilishameza sifuri ya mbele. Ukimaliza, nakili safu ya B uibandike palepale kwa Paste Values ili fomula zisivurugike, kisha ipange kuanzia ndogo. Zozote zitakazoanza na 2550 zilikuwa na tarakimu pungufu tangu daftarini, kwa sababu fomula imelazimika kuchukua na ile sifuri. Zitoe uzitafute upya. Kisha tumia Remove Duplicates, la sivyo mteja aliyeandikwa mara tatu atapata meseji tatu.

Hifadhi kama CSV na usiifungue tena kwa Excel. Ukiifungua, namba zinaweza kugeuka kuwa kitu kama 2.55755E+11, na ukihifadhi hivyo tarakimu za mwisho zimepotea. Ukitaka kuihakiki, ifungue kwa Notepad.

Hatua ya 3: Jina la mtumaji

Jina linaloonekana juu ya meseji (kwenye mfumo huitwa Sender ID) lina nafasi ya herufi 11, na nafasi tupu inahesabiwa. MASHUKA MZA linaenea sawasawa. Jina linaombewa idhini kupitia kwa mtoa huduma wako na majibu yanaweza kuchukua siku kadhaa, kwa hiyo usilianze Alhamisi ya wiki ya ofa. Jambo moja la kukumbuka: meseji iliyotumwa kwa jina haijibiki. Kumwambia mteja "jibu SITAKI" ni kumpa mlango uliofungwa. Anayetaka kuondolewa mpe namba ya kawaida.

Hatua ya 4: Andika ndani ya herufi 160

SMS moja ina nafasi ya herufi 160. Ukizidisha hata moja, meseji inagawanywa vipande vya herufi 153 na unalipia kila kipande. Hilo wengi wanalijua. Lisilojulikana sana ni kwamba herufi 160 zinapatikana kwa herufi za kawaida za SMS tu. Ikiingia alama moja isiyo kwenye seti hiyo, meseji nzima inahamia mfumo mwingine wenye nafasi 70, au 67 kwa kila kipande ikigawanyika.

Angalia hii:

```
Habari mteja wetu mpendwa! Duka lenu pendwa linawatangazia OFA KABAMBE ya wikiendi hii. Mashuka yote punguzo hadi 30%. Wahi sasa, usikose! Karibuni nyote 🎉
```

Bila ile emoji ni herufi 153, SMS moja. Emoji inachukua nafasi mbili, na pamoja na nafasi tupu inayoitangulia jumla inafika 156 kwa mfumo wa 67: vipande vitatu. Kwa wateja 640, gharama imeruka kutoka 12,800 hadi 38,400 kwa sababu ya kipicha kimoja. Na meseji yenyewe haisemi bei, haisemi tarehe.

Emoji angalau inaonekana. Mtego mbaya zaidi kwa Kiswahili ni kiritone. Tumezoea kuandika J'mosi, na kuna ng' ndani ya maneno kibao. Kiritone kilichonyooka (') kiko kwenye herufi za kawaida. Ukiandika kwenye Word au kwenye simu nyingi za kisasa, kinajipinda chenyewe (’), na kilichojipinda hakimo. Ndivyo ilivyo pia kwa alama za kunukuu zilizojipinda na kistari kirefu. Andika Jmosi na Jpili bila kiritone, na uandike moja kwa moja kwenye kisanduku cha mfumo wa kutuma. Mifumo mingi inaonyesha idadi ya herufi na ya SMS pembeni. Ukiona herufi ziko chini ya 160 lakini SMS ni 2 au 3, kuna alama imejificha. Futa alama moja moja uziandike upya mpaka irudi 1.

Meseji ya duka letu:

```
Seti ya mashuka ya pamba 6x6 Sh 37,000 badala ya 42,000. Jmosi 28 na Jpili 29 Machi, saa 2 hadi 12 jioni. Zipo 40 tu. Onyesha SMS hii. Kujitoa: 07XXXXXXXX
```

Ni herufi 154. Haina "mpendwa" wala mtaa lilipo duka: hawa ni wateja wako, wanapajua, na jina liko juu ya meseji. Bidhaa na bei vimekaa mwanzo kwa sababu simu ikiwa imefungwa huonyesha maneno machache ya kwanza. Tarehe imeandikwa kwa namba, kwani anayeisoma Jumatatu akikuta "wikiendi hii" atadhani ni ijayo. "Zipo 40 tu" inakukinga na atakayefika Jumapili jioni akakuta zimekwisha, mradi ziwe 40 kweli.

Hatua ya 5: Jaribu, kisha panga saa

Tuma kwanza kwa simu chache, moja ya kila mtandao ambao wateja wako wanatumia: Vodacom, Airtel, Yas, Halotel, TTCL. Hakikisha jina linatokea sawa kila mahali na namba ya kujitoa inapigika.

Kutuma, Alhamisi saa 11 jioni ni wakati mzuri kwa bidhaa ya bei hii, kwa sababu mtu anahitaji siku moja ya kupanga hela. Ijumaa mchana watu wako msikitini, na Jumapili asubuhi wako kanisani na nusu ya ofa imeshapita. Mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imeingia, kunauzika kuliko katikati.

Unapopanga saa kwenye mfumo, kumbuka unatumia saa za Kizungu. Saa 11 jioni ni 17:00. Ukijaza 11:00 meseji itatoka saa 5 asubuhi, na aliyekusudia saa 4 asubuhi akajaza 04:00 amewaamsha wateja 640 saa 10 alfajiri. Angalia pia kama mfumo umewekwa saa za Afrika Mashariki.

Hatua ya 6: Kaunta

Kila muuzaji aione meseji kabla haijatoka. Weka daftari lenye safu tatu: tarakimu nne za mwisho za simu, seti ngapi, kaja na SMS au bila. Atakayekuja na meseji aliyotumiwa na dada yake, muuzie kwa bei hiyohiyo na umwombe namba. Waliopiga kujitoa watoe kwenye orodha siku hiyohiyo, si "tukipata nafasi".

Hatua ya 7: Jumatatu

Fungua ripoti ya mfumo. DELIVERED imefika. EXPIRED mara nyingi simu ilikuwa imezimwa muda mrefu. FAILED au UNDELIVERED mara nyingi ni namba mbovu au isiyotumika tena. Ikikataa mara mbili kwenye matangazo tofauti, iondoe.

Sasa daftari. Tuseme zimeuzika seti 31: faida ni 217,000, toa 12,800 za meseji, zinabaki 204,200. Ukilinganisha na 168,000 za kawaida, umepata ziada ya 36,200. Usiifunge hesabu hapo. Mashuka hayanunuliwi kila wiki, na baadhi ya waliokuja walikuwa wanunue wiki inayofuata kwa bei kamili. Hesabu wikiendi ya Aprili 4 na 5. Zikitoka seti 14 kama kawaida, ziada yako ni halali. Zikitoka 9, zile tano zilizokosekana zilikuwa na faida ya 60,000, na ofa imekupotezea 23,800. Hapo, mara nyingine tangaza kwa wale tu ambao hawajanunua kwa miezi sita, maana hao ndio wasingekuja bila meseji.